Kabla hujafunga kizibo cha juisi iliyokaa wazi

Soda iliyolala wazi usiku mmoja kwa kawaida imeishiwa gesi tu. Ni tamu, haina raha. Soda nyingi zina asidi na vihifadhi, kwa hiyo haziharakishi kuchacha. Ila imiminie kwenye glasi uitazame kwanza, maana mende na nyuki nao wanapenda sukari. Kama mtu aliinywa kwa mdomo kwenye chupa, mwaga.

Juisi ya matunda ni habari nyingine, hasa ya kutengeneza nyumbani. Ya boksi ukishaifungua inakwenda friji, na uimalize kwa siku zilizoandikwa kwenye boksi. Ya nyumbani, siku mbili ndani ya friji zinatosha. Nje ya friji, kwa joto letu la Tanga mwezi wa pili, hesabu kwa saa.

Sasa sikilizeni yangu.

Tulikuwa na shughuli, nikatengeneza juisi ya pasheni, sukari sikuibania. Ikabaki kama lita moja, nikaitia kwenye chupa ya kioo, nikaiacha mezani bila kizibo. Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumapili nikaona vinzi vile vidogo vya kwenye ndizi mbivu vinazunguka mdomo wa chupa, na juu pamefanya povu jembamba. Nikasema nitaimwaga kesho. Jumatatu asubuhi mtoto wa kaka yangu akaniambia, "Shangazi, ile juisi nimekufungia vizuri, nzi walikuwa wanaingia. Nimeiweka kabatini." Nikamwambia ahsante mwanangu, nikaenda zangu sokoni.

Jumanne mchana ilipasuka. Nilidhani transfoma. Kabati lilikuwa limefunguka lenyewe, mbegu za pasheni zimebandika ukutani, na vipande vya kioo vimeingia mpaka kwenye unga. Unga wote nikatupa. Tulikuwa ukumbini, vinginevyo ningekuwa naandika mengine.

Mtoto hakukosea adabu, alikosa kujua, na mimi sikujua zaidi yake. Sisi watu wa pwani tunaona tembo la mnazi kila siku: linagemwa asubuhi likiwa tamu, jioni linauma ulimi, na hakuna aliyelitia hamira. Hamira imo hewani, kwenye maganda ya matunda, na kwenye miguu ya vile vinzi. Ikifika kwenye sukari inaila, inatoa kileo na gesi. Chupa ikiwa wazi gesi inatoka taratibu, huoni kitu. Ukiikaza kizibo, hamira haiachi kazi. Gesi inajaa humo humo mpaka kioo kishindwe. Kumbe ile juisi ilikuwa salama zaidi, kwa maana ya kutopasuka, siku zote ilipokuwa wazi.

Kwa hiyo kabla hujafunga, chunguza. Juisi ya matunda haina gesi. Ukiona vitone vya hewa vinapanda kutoka chini, imeanza. Inusie: harufu ya togwa lililokaa, ya pombe, au ya siki. Siki huja baadaye, bakteria wakishakigeuza kileo kwa msaada wa hewa. Utamu unapungua, ulimi unachomwa, lakini usifike huko kwa kuonja. Povu na harufu vinatosha. Utando mweupe juu, au kuvu la kijani lenye manyoya, usiuengue ukanywa kilicho chini. Kuchemsha nako si dawa, sumu za baadhi ya kuvu hazifi kwa moto. Na kumbuka kileo ni kileo, usimpe mtoto wala anayefunga saumu ukisema ni juisi iliyochachuka kidogo.

Imeshafungwa na unashuku imechacha? Ya plastiki ibonye: ikiwa ngumu kama jiwe, usiitikise. Itie friji saa kadhaa ipoe, maana ubaridi hupunguza msukumo, kisha itoe nje, ifunike kitambaa kizito, geuza uso pembeni, legeza kizibo kidogo kidogo gesi itoke kwanza. Ya kioo mimi siihangaikii kuifungua. Watoto watoke, naizungushia taulo nene, naipeleka mbali na watu.

Friji nayo isikudanganye, inachelewesha tu. Umeme ukikatika mchana kutwa, juisi uliyoikuta humo jioni ichunguze upya. Chupa ya zamani ioshe kwa maji ya moto kabla ya kutia juisi mpya, usiongezee mpya juu ya masalio. Chupa ya chai ya kukaza usiifanye ghala la juisi. Na Ijumaa watoto wakirudi shule, fungueni mabegi, toeni vile vichupa vya juisi. Jumatatu ni mbali.