Kabla ya jaribio la falsafa: usichanganye ujumlishaji wa haraka na kosa la muungano

Wengi hukariri majina ya makosa ya kimantiki, kisha wanaponzwa na haya mawili kwa sababu yote huanzia kwenye kidogo na kuishia kwenye kikubwa. Kwa hiyo kabla ya kukariri chochote, jizoeze kuuliza hitimisho linamzungumzia nani: kila mmoja wa kundi, au kundi lenyewe kama kitu kimoja?

Chukua kwaya ya watu 40. Mtu amewasikia watatu, wote wana sauti nzuri, akahitimisha kwamba kila mwanakwaya ana sauti nzuri. Huo ni ujumlishaji wa haraka. Kasoro iko kwenye uchache wa mifano. Mwingine amewasikia wote 40, mmoja mmoja, akahitimisha kwamba kwaya inaimba vizuri. Huyu hakukosa mifano hata kidogo. Kosa lake ni la muungano: sifa ya sehemu ameihamishia kwenye kizima, ilhali waimbaji hodari 40 wanaweza kupishana mapigo na kuharibu wimbo.

Hapo ndipo ninapopata kipimo ninachokiamini kuliko ufafanuzi wowote: jazia mifano iliyopungua. Ukishajaza, hoja ikapona, ulikuwa ujumlishaji wa haraka. Ikibaki na ufa uleule, ni muungano.

Swali gumu ni hili: “Watatu niliowasikia wana sauti nzuri, kwa hiyo kwaya hii ni nzuri.” Hapa makosa yote mawili yamo, moja juu ya jingine. Ukiruhusiwa kueleza, taja hatua zote mbili. Ukilazimika kuchagua jibu moja, jazia mifano kwanza: ufa hauzibiki, kwa hiyo mimi ningechagua muungano.

Jihadhari pia na neno “wote”. “Wanakwaya wote wanaweza kubeba kinanda hiki” inaweza kumaanisha kila mmoja peke yake, au wote kwa pamoja. Unaposoma swali, weka “kila mmoja” mahali pa “wote” uone kama maana inabaki ileile. Aristotle aliuweka muungano kati ya makosa yatokanayo na lugha, na mfano huu unaonyesha alichokiona.

Kisha kuna mtego wa jibu la “hakuna kosa”. Kila tofali la ukuta ni jekundu nje na ndani, kwa hiyo ukuta wa matofali hayo matupu ni mwekundu: hoja hiyo haina tatizo. Kila tofali ni jepesi, kwa hiyo ukuta ni mwepesi: hapo imeharibika. Rangi haibadiliki matofali yakikusanywa, lakini uzito hujumlishika. Basi usiandike “muungano” kila unapoona sehemu na kizima. Angalia kwanza sifa yenyewe inafanyaje ikikusanywa.

Ukikutana na safari ya kurudi, yaani kwaya ina miaka 60 kwa hiyo kila mwanakwaya ana miaka 60, hilo ni kosa la mgawanyo.