Kutafuta faida hadi kuiva ya hatifungani kwa kalkuleta ya kawaida

Mwenye kompyuta anaandika fomula moja na jibu linatokea. Hapa tunafanya kazi na kalkuleta ya mezani yenye kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya tu. Inatosha, ila ujue kuipanga kazi, maana faida hadi kuiva ni kiwango kinachofanya malipo yote ya baadaye yawe na thamani ya leo sawa na bei unayolipa, na hakuna njia ya kukikokotoa moja kwa moja kwa hatifungani yenye malipo mengi. Unakisia kiwango, unatafuta bei inayotokana nacho, kisha unasogea kuelekea bei halisi.

Mfano wetu ni hatifungani ya miaka 5 yenye kuponi, yaani riba, ya 9% kwa mwaka, inayolipwa kila miezi sita kama zilivyo hatifungani nyingi za Serikali Tanzania na Kenya. Bei ni 91.20 kwa kila shilingi 100. Ukinunua ya shilingi milioni 10, unatoa 9,120,000 leo, unapokea 450,000 kila nusu mwaka mara 10, na siku ya kuiva unarudishiwa milioni 10 kamili.

Hatua ya 1: Geuza kila kitu kiwe cha nusu mwaka

Malipo ni 4.50, vipindi ni 10, na kiwango tunachokitafuta ni cha nusu mwaka pia. Tutakirudisha kwenye mwaka mwishoni kabisa. Anayechanganya 9 ya mwaka na vipindi 10 hupata bei iliyo juu mno, na hapo ndipo wengi hupotea kabla hata hawajaanza.

Hatua ya 2: Anza na kisio lenye akili

Usianze na namba yoyote tu. Bei iko chini ya 100, kwa hiyo faida lazima izidi kuponi, yaani zaidi ya 4.5%. Sasa pungufu ya bei, 8.80, igawe kwa vipindi 10 upate 0.88. Ongeza kuponi, inakuwa 5.38. Gawanya kwa wastani wa bei na thamani ya mwisho, yaani 95.60. Unapata kama 5.63%.

Hilo bado si jibu, lakini limetuonyesha mtaa wa kutafuta. Tutajaribu 5.5% na 6%.

Hatua ya 3: Tafuta bei kwa 5.5%

Kwanza tunahitaji thamani ya leo ya shilingi moja itakayolipwa baada ya vipindi 10. Kwenye kalkuleta nyingi za mezani, ukigawanya kisha ukaendelea kubonyeza alama ya sawasawa, inarudia kugawanya kwa namba ileile. Ijaribu yako kwanza: `8 ÷ 2 = = =` inapaswa kuonyesha 4, 2, 1. Isipofanya hivyo, jaribu `2 ÷ ÷ 8 = = =`. Baadhi ya kalkuleta hutaka alama ibonyezwe mara mbili, na herufi K hutokea kwenye kioo.

```
1 ÷ 1.055 = = = = = = = = = =     0.58543
1 − 0.58543 =                     0.41457
÷ 0.055 =                         7.5376
× 4.5 =                           33.919
+ 58.543 =                        92.462
```

Mstari wa kwanza una alama ya sawasawa mara 10; kwenye kalkuleta ya K andika `1.055 ÷ ÷ 1`, kisha sawasawa mara 10. Mistari inayofuata inatafuta thamani ya kuponi zote 10 kwa mpigo, bila kuzipunguza moja moja. Ile 58.543 ni thamani ya leo ya shilingi 100 za mwisho, yaani 0.58543 mara 100.

Kosa la kawaida hapa ni la kidole: umebonyeza mara 9 au 11 na hujui. Ukibonyeza mara 11 utaona 0.55491, namba isiyotia shaka hata kidogo. Kwa hiyo mimi hurudia mstari huo na kulinganisha majibu, kisha hupima mistari inayofuata kwa kiwango cha kuponi yenyewe. Weka 1.045 na 0.045 katika mistari ileile: lazima bei itoke 100, ikipishana kidogo tu kwa sababu ya desimali ulizokata. Ikitoka 98 au 102, kuponi au kiwango kimeingizwa vibaya, na hakuna haja ya kuendelea mpaka uione kosa. Kipimo hiki hakishiki kosa la idadi ya mibonyezo, kwa sababu kwa kiwango cha kuponi bei hutoka 100 kwa idadi yoyote ya vipindi.

Hatua ya 4: Rudia kwa 6%

Kwa mistari ileile, 1.06 inatoa 0.55839 na bei inakuwa 88.960. Bei yetu ya 91.20 iko katikati ya 92.462 na 88.960, nasi tumeizingira. Kama bei zote mbili zingekuwa juu ya 91.20, tungehitaji kiwango kikubwa zaidi. Bei na faida daima hupishana njia.

Hatua ya 5: Gawa pengo kwa uwiano

```
92.462 − 91.20  = 1.262
92.462 − 88.960 = 3.502
1.262 ÷ 3.502   = 0.3604
0.3604 × 0.5    = 0.18
5.5 + 0.18      = 5.68
```

Kutoka 5.5% mpaka 6% bei inashuka 3.502. Sisi tunataka ishuke 1.262 tu, kwa hiyo tunakwenda sehemu hiyohiyo ya njia. Kwa mwaka, 5.68 mara mbili ni 11.36%.

Hatua ya 6: Jua jibu limekosea upande gani

Ingiza 5.68% katika hatua ya 3. Bei inatoka 91.182, chini kidogo ya 91.20. Hii haikutokea kwa bahati. Kiwango kinapopanda, bei hushuka kwa kasi mwanzoni kisha kasi hupungua, kwa hiyo mchoro wake umebonyea chini kama kamba iliyolegea. Sisi tumepita kwa mstari ulionyooka juu yake. Ndiyo maana kwa hatifungani ya kawaida, ukikisia kati ya pointi mbili zilizoizingira bei, jibu hutoka juu kidogo ya ukweli. Kamwe haliwi chini, labda kwa makosa ya kukata desimali.

Ukubwa wa kosa unategemea umbali wa pointi hizo. Ningetumia 4% na 7%, bei zingekuwa 104.055 na 82.441, na jibu lingetoka 5.784%, yaani 11.57% kwa mwaka. Hiyo ni tofauti ya zaidi ya 0.2 ya asilimia, na kwenye mnada watu hupishana kwa mia ya asilimia.

Ukitaka usahihi zaidi, kisia tena kati ya 5.5% na 5.68%: 1.262 gawanya kwa 1.280, zidisha kwa 0.18, ongeza 5.5. Unapata 5.6775%, sawa na 11.355% kwa mwaka. Kuendelea zaidi ya hapo ni kuchosha vidole bure.

Hiyo 11.355% ni kiwango cha nusu mwaka kilichozidishwa kwa mbili, kama soko la hatifungani linavyokinukuu. Ukilinganisha na akaunti ya amana inayotaja riba ya mwaka mzima, tumia 1.056775 mara 1.056775, inayotoa karibu 11.68%.

Kama riba inakatwa kodi ya zuio, mathalani 15%, badilisha 4.50 iwe 3.825 tangu hatua ya 2 na urudie yote. Kukata 15% kwenye jibu la mwisho si sahihi, kwa sababu ile 8.80 ya pungufu ya bei haijaguswa na kodi hiyo ya riba. Na hesabu hii ni kamili pale tu unaponunua siku ya malipo ya kuponi. Ukinunua katikati ya vipindi, kuna riba iliyokwisha kulimbikizwa ambayo muuzaji anaidai juu ya bei, na kipindi cha kwanza si nusu mwaka kamili tena. Hapo ichukulie namba yako kama makadirio ya kukagulia jibu la dalali.