Jinsi ya kufungua na kufunga NCR ya kava pungufu kabla ya kumwaga zege

NCR ni ripoti ya kazi isiyokidhi matakwa ya mradi, na sehemu ya juu ya fomu yake haina shida: namba, tarehe, nani kagundua, nani anapelekewa. Ijaze upesi. Zege hucheleweshwa na sehemu za chini, yaani marekebisho, chanzo na ushahidi wa kufungia. Hapo ndipo tulipokwama kwenye bimu za msingi za jengo moja karibu na bahari, Dar es Salaam, huku zege la mtambo likiwa limeshaagizwa.

Mchoro ulitaka kava, yaani unene wa zege linalofunika chuma, ya milimita 50. Mkaguzi alipoweka tepu kati ya ringi inayozungushia nondo kubwa na shata linaloshika zege alisoma 35. Fundi wa nondo akapima hadi kwenye nondo kubwa, akapata 45, akasema si haba. Ila kava hupimwa kutoka kwenye chuma cha nje kabisa, na kwenye bimu hicho ni ringi. BS 8110, kiwango cha Uingereza cha kazi za zege ambacho mradi wetu ulikuwa ukikifuata, kilivumilia upungufu wa milimita 5 tu. Kwa hiyo 35 haikuwa na mjadala.

Kabla hujashika kalamu, pigia mtambo simu usitishe zege. Gari likishatoka, bili ni yako hata lisipomwaga tone. Kisha andika kasoro kwa namna ambayo mtu asiyefika saiti ataielewa: bimu ya gridi B kati ya 2 na 5, namba ya mchoro na toleo lake, inatakiwa 50, imepatikana 35, na jedwali la vipimo vya kila mita. "Kava haitoshi" peke yake itakurudia. Picha nazo zionyeshe tarakimu za tepu na kibao chenye jina la gridi. Picha ya nondo tupu inaweza kuwa ya saiti yoyote, na mhandisi mshauri anajua hilo.

Sasa marekebisho. Kontrakta aliandika kwamba ataweka biskuti za 50, vile vipande vinavyotenga nondo na shata. Fomu ikarudi na swali moja la kalamu nyekundu: "Na upande wa pili?" Bimu ilikuwa na upana wa 300 na ringi zilikunjwa kwa 230 nje kwa nje, hivyo nafasi iliyobaki ni 70 kwa pande zote mbili. Ukiweka 50 upande mmoja, mwingine unabaki na 20. Biskuti husogeza kizimba cha nondo, haziwezi kupunguza ringi.

Wazo la pili lilikuwa kupanua shata hadi 330. Kwa pembeni lingefaa, kama mhandisi angekubali kwa maandishi. Lakini ringi zilikuwa zimezidi kwa kimo pia: 530 badala ya 500, ndani ya bimu ya 600. Ukiinua kizimba kipate 50 chini, juu inabaki 20, na usawa wa juu wa bimu hauwezi kupanda kwa sababu slabu inakaa hapo. Ikabidi kizimba kifumuliwe na ringi zikunjwe upya kwa 200 kwa 500. Inauma, lakini pima ringi moja kwanza kabla ya kupendekeza lolote, utaokoa safari za kupeleka fomu.

Kwenye chanzo, usiandike "uzembe wa fundi". Ndilo jibu la kwanza la kila saiti, na halifungi kitu. Toa 35 mara mbili kwenye 300 unapata 230 kamili: fundi alifuata karatasi. Jedwali la kukunjia nondo lililobandikwa kwenye banda lilitoka kwenye toleo la zamani la mchoro, lenye kava ya 35. Kwa hiyo hatua ya kuzuia kosa lisijirudie ilikuwa kuondoa majedwali ya zamani bandani, kugawa mapya kwa saini, na kukagua kila kilichokwisha kukunjwa kutoka kwenye jedwali lile, zikiwemo ringi za bimu zilizofuata.

Ushahidi wa kufungia uambatane na kila ulichoahidi: picha za mahali palepale baada ya kurekebisha, jedwali jipya la vipimo, nakala ya jedwali la nondo lenye toleo sahihi, daftari la waliolipokea, na fomu ya ukaguzi iliyosainiwa. Mshauri wetu aliongeza vipimo vya ringi za bimu iliyofuata kabla hazijafungwa, ili aone kama dawa imefanya kazi.

Jambo ambalo hakuna aliyetuambia mapema ni kwamba ruhusa ya kumwaga na kufungwa kwa NCR vinaweza kutenganishwa. Kizimba kikishakaguliwa upya na kukubaliwa, omba ruhusa ya kumwaga kwa maandishi, ikitaja namba ya NCR na kwamba itabaki wazi hadi karatasi za bandani zikamilike. Usipoomba hivyo, utasubiri saini ya daftari la majedwali huku shata likikauka juani, na mtunza nyaraka yuko chai.