Kabla hujakaa mbele ya kipaza sauti cha PTE

Jambo la kwanza la kuhakikisha, kabla hata ya kulipia PTE, mtihani wa kupima Kiingereza, ni nani atakayekusahihisha. Wengi wanaokuja kwangu hapa Moshi kujiandaa wamefika na ushauri wa kaka au shangazi aliyefanya IELTS, mtihani mwingine wa Kiingereza, miaka ya nyuma. Ushauri ule ulimfaa yeye, maana kwenye IELTS anayekuhoji ni mtu na insha inasomwa na mtu. Ukikwama, mtu anaona usoni kwamba unatafuta neno, anakusubiri. PTE Academic ya kampuni ya Pearson haiko hivyo. Unakaa mbele ya kompyuta na hedifoni masikioni, unaongea na kipaza sauti, na sehemu kubwa ya alama zako, ambazo huanzia 10 hadi 90, hutolewa na programu. Nimechagua kuizungumzia PTE kwa sababu nimeona ikiwaangusha watu ambao Kiingereza chao hakina shida yoyote.

Programu hiyo haikusikii kama mwalimu anavyokusikia. Kwanza wasahihishaji, binadamu, waliyasikiliza majibu ya watahiniwa wengi na kuyapa alama. Kisha programu ikafundishwa kutafuta ndani ya sauti zilezile vitu vinavyopimika na vinavyokwenda sambamba na alama walizotoa: kasi ya maneno, ukimya unaangukia wapi, mtu amejirudia mara ngapi, kila sauti iko karibu kiasi gani na ile inayotarajiwa. Kwa hiyo ukisita kwa sababu unapima jambo zito, mashine haioni uzito huo. Inachopata ni sekunde moja na nusu ya ukimya katikati ya sentensi, na mtu anayesita kwa kufikiri anafanana kabisa na mtu asiyejua neno.

Hapo ndipo maandalizi yanapoanzia, na mahali pazuri pa kujipimia ni swali la kusoma kwa sauti. Kwenye skrini inatokea aya isiyozidi maneno 60. Unapewa kati ya sekunde 30 na 40 za kuiangalia, kisha mlio mfupi unasikika na kinasa sauti kinafunguka. Unasoma mara moja tu, hakuna kurudia.

Muuguzi mmoja wa Majengo alinijia akiwa anasoma vizuri mno, kwa masikio yangu mimi. Nilimpa aya ya maneno 58 kuhusu barafu ya mlimani kwetu, nikamrekodi kwa simu. Alitumia sekunde 37. Aya ilianza hivi: "The glaciers on Kilimanjaro have been shrinking for more than a century." Tulipoirudia rekodi polepole, tulisikia hiki: alisoma maneno mawili ya kwanza, akasimama, akayarudia hayo mawili, akaendelea hadi jina la mlima, akavuta pumzi, halafu neno la kupungua akalitamka "shirinking". Alirudi nyuma kwa sababu aliona hakuanza kwa adabu. Darasani tunamsifu mwanafunzi anayejisahihisha. Kwenye swali hili kila neno lililoongezwa, lililorukwa au lililobadilishwa ni kosa moja la maudhui, kwa hiyo kule kurudia kumekuwa makosa mawili papo hapo, na ufasaha nao umeshuka kwa sababu mtiririko umekatika mara mbili ndani ya sentensi moja fupi. Kama angekosea neno la pili akaendelea mbele, angepoteza neno moja tu.

Tulifanya kazi ya siku nne kwa jambo moja: sekunde zile za kujiandaa azitumie kuamua wapi atapumua. Sentensi ile ina mahali pamoja tu pa kupumua, kabla ya "for". Huko kwingine kote anapita bila kukata. Siku ya nne aliisoma aya nzima kwa sekunde 25, yaani kutoka takriban maneno 94 kwa dakika hadi 139, na hakukimbia. Zile sekunde 12 zilikuwa ukimya na marudio. Ninalisema hili kwa sababu wengi wakisikia neno "ufasaha" wanaanza kukimbiza maneno, na mtu anayekimbiza anameza miisho ya maneno, kisha anapoteza kwenye matamshi alichopata kwenye kasi.

Matamshi yenyewe yanahitaji ukweli kidogo kutuhusu sisi. Huhitaji kuongea kama Mwingereza. Lafudhi yako peke yake si kosa. Kinachoharibu ni pale neno linapogeuka neno jingine, au kutokuwa neno kabisa. Kiswahili hutia mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno, nasi tunauhamishia mkazo huo kwenye Kiingereza bila kujua. Tunasema deveLOPment badala ya deVELopment, na photoGRApher badala ya phoTOgrapher. Mkazo ukihama, irabu nazo zinabadilika, na mashine inaanza kubahatisha. Tabia ya pili ni kupachika irabu kati ya konsonanti, kama yule muuguzi alivyofanya, au mwishoni mwa neno. Ya tatu ni sauti ya "th". Kiswahili sanifu kinayo, lakini kama wewe ni miongoni mwa wanaosema "selasini" wakikusudia thelathini, ujue mashine itasikia "sink", kuzama, wakati ulitaka kusema "think", kufikiri. Jirekodi ukisoma maneno 20 ya aina hii, sikiliza kesho yake asubuhi, si palepale. Palepale sikio bado linasikia ulichokusudia.

Kuna jambo dogo la kifaa linalogharimu watu swali zima. Ukinyamaza kwa sekunde 3, kinasa sauti kinajifunga, na jibu lako limeishia hapo. Halafu, kwenye swali la kurudia sentensi hakuna mlio wa kukuashiria uanze. Sentensi ikiisha kinasa kinafunguka kimyakimya, na aliyezoea kusubiri mlio anakaa akiusubiri hadi nafasi imepotea. Zoea kuangalia kile kisanduku cha kinasa sauti kwenye skrini. Kikiandika "Recording", ongea.

Kuhusu majibu ya kukariri nina msimamo mkali, na nimebishana juu yake na walimu wenzangu wa Arusha. Kwa miaka mingi watu wameuziana sentensi za kujazia, hasa kwa swali la kueleza picha, ambalo linakupa sekunde 25 za kujiandaa na 40 za kuongea. Unakariri maneno ya kuanzia na ya kumalizia, katikati unachomeka namba mbili za kwenye grafu. Zamani ujanja huo uliwapa watu alama, kwa kuwa sauti ilitiririka na maneno machache muhimu yalikuwepo. Pearson waliliona hilo, na mwaka 2025 waliongeza macho ya binadamu kwenye baadhi ya maswali ili kunasa majibu ya namna hiyo. Hata kabla ya hapo, nusu ya sekunde 40 ilikuwa inaliwa na maneno yasiyohusu picha. Mimi humwambia mtahiniwa aanze na kitu kikubwa kuliko vyote kwenye picha, akilinganishe na kidogo kuliko vyote, aseme kilichobadilika, kisha mstari mmoja wa hitimisho kutoka kwenye picha hiyohiyo. Kama ni grafu ya mvua, maneno "mvua", "mwezi", "juu kabisa" na "imepungua" yatoke mdomoni mapema, kwa Kiingereza chake mwenyewe.

Insha nayo inasomwa kwa namna inayofanana. Mbinu ambayo Pearson wanaitumia kwa kazi hii hutazama jinsi maneno yanavyoambatana katika maandishi mengi, kisha hulinganisha yako na insha ambazo tayari watu walizipa alama. Haijui kama hoja yako kuhusu daladala ni ya kweli. Inajua kama maandishi yako yanakaa karibu na yale ya watu walioandika vizuri kuhusu usafiri wa mjini. Ndiyo maana utangulizi wa jumla kuhusu "ulimwengu wa leo wa sayansi na teknolojia" haukusogezi popote: unaweza kubandikwa juu ya mada yoyote, basi hauko karibu na hii. Sentensi inayotaja nauli, foleni, vituo na abiria wa asubuhi inabeba mada yenyewe. Na maudhui yakipewa sifuri, sehemu nyingine za insha hazisahihishwi kabisa, hata sarufi iwe safi namna gani.

Urefu ni maneno 200 hadi 300, kwa dakika 20. Chini ya 120 au zaidi ya 380, alama ya umbo ni sifuri na insha yote imekufa. Tahajia nayo ni kali: kosa moja linakupunguzia, makosa zaidi ya moja yanakuondolea alama yote ya tahajia. Chagua pia tahajia moja, ya Uingereza au ya Marekani, ubaki nayo hadi mwisho.

Sasa, watu wetu wengi huandika kwa simu, na simu huwasahihishia maneno bila wao kujua. Kwenye chumba cha mtihani kuna kibodi ya kawaida na hakuna anayekusahihishia. Mtu anayeandika kwa vidole viwili, maneno 10 kwa dakika, anamaliza dakika zake 20 akiwa na maneno 200, bila hata dakika moja ya kufikiri wala kupitia. Unahitaji walau maneno 20 kwa dakika: insha ya maneno 240 inachukua dakika 12, na 8 zinabaki za kupanga na kurudia kusoma. Nenda steshenari yoyote yenye kompyuta, fungua Notepad, ambayo ni rahisi kuzimiwa usahihishaji wa tahajia, weka saa, andika insha nzima kila siku kwa wiki tatu. Ukimaliza, zungushia kila neno uliloliandika vibaya na uliandike kwenye daftari. Orodha hiyo itakuwa fupi kuliko unavyodhani. Kila mtu ana maneno yake kumi na kitu anayoyakosea daima.

Mwisho ni chumba chenyewe. Hutakuwa peke yako. Jirani atakuwa anasoma aya yake kwa sauti wakati wewe unaeleza picha, na wengi huanza kupaza sauti wamshinde, au kunong'ona kwa aibu. Vyote viwili vinaharibu rekodi. Fanya mazoezi sebuleni redio ikiwa imewashwa na watoto wanacheza, sauti yako ikibaki ya kawaida. Siku yenyewe, kabla ya maswali, utapewa nafasi ya kujaribu kipaza sauti na kujisikiliza. Usiipite. Kama unasikia pumzi yako ikivuma, sogeza kipaza sauti kidogo chini ya mdomo, kisimame pembeni kidogo ya njia ya hewa, ujirekodi tena. Ukisikia mkwaruzo au sauti inakatika, nyoosha mkono wakati huohuo msimamizi akubadilishie hedifoni, kabla hujabonyeza kuendelea.