SOMO: Kutumia picha ya nguo ya mtu usiyemjua kubadilisha vazi kwenye picha yako

Naliandika mara moja, kwa sababu kila wiki naulizwa lile lile: "Nimeona gauni kwenye picha ya mtu, naweza kulitumia?"

1. Mtafute mpiga picha. Kwa kawaida hakimiliki ni yake, si ya aliyevaa wala aliyeisambaza.

2. Soma leseni. CC0, yaani mwenyewe ameachia haki zake, endelea. CC BY, mtaje na useme umebadilisha. Ukiona ND, yaani hakuruhusu mabadiliko, usisambaze ulichohariri. Haina leseni? Omba ruhusa. Chini ya Mkataba wa Berne, picha inalindwa bila kusajiliwa.

3. Tenganisha nguo na picha yake. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilikata gauni kwenye picha ya mtu, nikalivuta likae kwenye mwili wa mteja wangu, nikabadili bluu ikawa kijani. Nilijiambia nimechukua mshono tu. Mpiga picha akaitambua kazi yake kwa mikunjo mitatu ya kiwiko cha kushoto na mstari wa mwanga wa dirisha kwenye pindo. Alikuwa sahihi: mwanga, pembe na kivuli ni kazi yake, nami nilivibeba vyote. Niliiondoa picha na kumrudishia mteja pesa. Kwa hiyo usikate, usibandike. Andika kwa maneno unachokiona: shingo ya mraba, mikono mipana, kiuno cha juu. Kisha funga ile picha na uchore nguo upya kwa mwanga wa picha yako.

4. Kagua maua ya kitambaa. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema michoro iliyo juu ya sare inaweza kulindwa, lakini mkato wa sare hapana. Mshono wa kawaida hauna shida sana. Maua aliyoyabuni mtu yana mwenyewe, hata ukiyachora kwa mkono. Nchi nyingine hulinda hata umbo la nguo kwa sheria ya usanifu.

MASWALI

— Mkuu, nikiigeuza kushoto-kulia?
Soma hatua ya 3. Mikunjo bado ni ile ile.

— Nikiandika "picha si yangu"?
Kusema hivyo si kuomba ruhusa.

— Mbona unatutisha? Wote wanafanya.
Sitishi mtu. Nimeeleza kilichonipata.

— Nimechora upya, lakini nina wasiwasi. Nitajuaje kama nimenakili?
Swali zuri, dada. Weka picha ya mfano kwenye leya ya juu, uwazi asilimia 50, ulinganishe mabega. Shingo na kiuno vikilingana, huo ni mshono. Mikunjo na vivuli vikilaliana, umefuata picha. Rudia sehemu hiyo.

— Mimi hujivika shuka karibu na dirisha, napiga picha, natumia mikunjo hiyo.
Njia safi kabisa. Kitambaa kiwe na uzito unaokaribiana na wa gauni. Kizito hakikunjiki kama hariri.

— Kuomba ruhusa unaandikaje?
Mtumie picha yenyewe, eleza utachukua nini, itaonekana wapi na kama unalipwa. Jibu lake lihifadhi kwenye folda moja na faili la kazi.