Mng'ao usiolingana huondoa sura ya kimdoli

Nilipokuwa nikiunda chupa ya losheni katika Blender, programu ya kuunda picha za 3D, niligundua kwamba ilionekana bapa kwa sababu Roughness, yaani kiwango cha ukwaru wa uso, ilikuwa namba moja, 0.5, kwenye uso mzima. Badala ya namba hiyo, unganisha nodi ya Noise Texture na ya Map Range, weka To Min iwe 0.3 na To Max iwe 0.42, kisha peleka matokeo kwenye Roughness ya Principled BSDF, nodi kuu ya nyenzo. Uso halisi hubeba alama za vidole na mikwaruzo midogo, kwa hiyo mng'ao wake hukolea hapa na kufifia pale, na jicho hulitambua hilo hata bila kujua sababu. Tofauti hiyo iwe ndogo. Ukiona mabaka kama ya maji yaliyokauka, umezidisha.

Mbinu hii haisaidii pale ambapo chupa haina kitu cha kuakisi. Ikiwa mandhari ni kijivu kitupu na taa ni ndogo, weka kwanza taa ya Area ubavuni, yenye urefu unaozidi chupa, ili mwako wake uchore ukanda mrefu ambamo tofauti hizo zitaonekana.