Dakika moja na kitu mkononi: somo kwa wanaokaa na vijana wenye aibu

Kila Jumamosi jioni nakaa na vijana kumi na wawili chini ya mwembe, Mikindani, kabla jua halijazama upande wa bara. Wengi ni wa kidato cha kwanza na cha pili. Nyumbani wanaongea mpaka wanaambiwa wanyamaze, ila ukimwambia mmoja asimame mbele ya wenzake, shingo inaingia mabegani kama kobe. Nitaeleza zoezi tunalolifanya: kijana anachomoa kitu kwenye kikapu bila kuchagua, anakizungumzia kwa dakika moja, anakaa. Ukilisikia hivi utaliona jepesi, na mimi nililiona hivyo, ndiyo maana mwanzoni nililiharibu.

Kwanza, kikapu. Kwa vijana kumi na wawili weka vitu kumi na vitano au zaidi, ili hata wa mwisho aingize mkono pasipo kujua atatoka na nini. Weka vitu walivyowahi kuvishika: kifuu, upawa, kipande cha wavu, betri ya redio, kizibo cha soda, ufunguo wa zamani, korosho ambayo haijabanguliwa. Usiweke simu, kwa sababu atakayeipata atataja aina yake na bei yake, basi. Vitabu vya dini na picha za watu uviache nyumbani.

Kosa langu mimi lilikuwa kandambili moja yenye mkanda uliofungwa kwa waya. Niliiona inachekesha. Aliyeichomoa alikuwa amevaa iliyofungwa vivyo hivyo, na wenzake walitazama miguu yake kabla hajafungua kinywa. Hakurudi kwa wiki tatu. Tangu siku hiyo, kila kitu kabla hakijaingia kikapuni najiuliza nani hapa anaweza kuchekwa kwa ajili yake.

Kwa nini kichomolewe bila kuchagua? Kwa sababu ukimpa kijana mada tangu jana, usiku mzima atakariri. Aliyekariri akipoteza sentensi moja amepoteza zote, maana hakuna kingine cha kushika. Mwenye kifuu mkononi akisahau, kifuu bado kipo.

Pili, ngazi. Msimamishe mbele ya wote siku ya kwanza na utakuwa umemfundisha kwamba hofu yake ilikuwa na haki. Wiki ya kwanza wanakaa wawili wawili na jozi zote sita zinaongea kwa wakati mmoja. Makelele yanawasitiri, hakuna anayemsikia mwingine isipokuwa mwenzake. Wiki ya pili ni wanne wanne, raundi moja wakiwa wamekaa na ya pili wakiwa wamesimama. Wiki ya tatu ndipo anasimama mbele ya duara zima. Kwenye duara, mwenye aibu kuliko wote mpange awe wa tatu au wa nne. Wa kwanza hana wa kumtazama akajifunza, na wa mwisho anapikwa na kungoja.

Tatu, dakika yenyewe. Akishachomoa, mpe sekunde ishirini za kukitazama kimya. Hapo saa haijaanza. Kisha anaongea kwa njia hii: ninachokiona, kazi yake, kisa kimoja. Anachokiona kinakuja kwanza makusudi, kwa kuwa kuona hakuhitaji ujasiri wala akili nyingi. Rangi, uzito, palipopasuka, harufu. Macho yake yana pa kutua na mikono ina la kufanya, na muda huo wote hajifikirii yeye mwenyewe. Dawa nzima ya zoezi hili iko hapo.

Saa ishikwe na mtu mmoja, simu akiilaza magotini. Sekunde ya arobaini anainua kadi ya kijani, ya sitini anainua nyekundu. Kijana akiona nyekundu anamalizia sentensi aliyonayo, anasema asante, anakaa.

Nne, ukimya. Hapa ndipo wengi tunapokosea, kwa huruma tu. Kijana anakwama sekunde ya kumi na mbili, tunamwambia "basi mwanangu, kaa." Amekaa hofu ikiwa juu kabisa, na kilichobaki kichwani mwake ni kwamba kukaa ndiko kulikomponya. Wiki ijayo hofu itaanzia hapo hapo. Hofu ya kusimama mbele ya watu kwa kawaida hupanda kabla ya kuanza na mwanzoni kabisa, halafu hushuka yenyewe mtu akibaki pale pale. Kwa hiyo tuna kanuni: dakika inaisha yenyewe, hata kama nusu yake ni kimya. Hakuna anayemsaidia neno na hakuna anayenong'ona. Anachoruhusiwa ni kurudi kwenye kitu na kusema anachokiona.

Niwaonyeshe kwa binti mmoja wa kidato cha kwanza, wiki yake ya tatu, aliyechomoa korosho. Alisema, "Hii ni korosho. Ni ya kijivu." Akanyamaza. Akatazama chini, kwenye vidole vya miguu. Nilisubiri kama pumzi tatu, nikasema, "Itazame tu." Akaigeuza. Akaigeuza tena. "Hapa juu ina kovu," akasema, "ndipo ilipokuwa imeshikana na bibo." Sauti ilikuwa ndogo, lakini hiyo sentensi ilikuwa yake, hakuikariri popote. Kisha akasema bibi yake huwa anazichoma kwenye bati kabla ya kubangua, kwa kuwa ganda lina mafuta yanayobabua ngozi, na kwamba yeye aliwahi kuiuma mbichi akiwa mdogo, midomo ikavimba mpaka akashindwa kula siku mbili. Mtu akacheka, naye akacheka. Kadi nyekundu ilipoinuka alikuwa anaonyesha mdomo ulivyokuwa. Ukihesabu, aliongea kama sekunde thelathini na tano. Zilizobaki zilikuwa kimya, na hakuna aliyekufa.

Tano, baada ya kusema. Wasikilizaji wanauliza swali moja tu, na linahusu kitu, si mtu. "Hilo bati huwa mnaweka moto mwingi?" ni swali zuri. "Mbona ulikuwa unatetemeka?" halipiti. Mimi sisahihishi lugha papo hapo, hata akichanganya na Kimakonde. Makofi ni yale yale kwa wote. Zamani nilikuwa napiga zaidi kwa waliofanya vizuri, nikawa nimetengeneza orodha ya washindi bila kujua.

Utajuaje kama linafanya kazi? Usitazame ufasaha. Kabla ya kusimama, kila mmoja ananionyesha mimi peke yangu kwa vidole hofu yake ni ngapi kati ya kumi, na akikaa ananionyesha tena. Tisa ikishuka ikawa sita, tunakwenda. Isiposhuka wiki tatu mfululizo, namrudisha ngazi moja chini bila kumtangaza, namwambia tu leo akae kundi la wanne. Alama nyingine ni macho: siku atakapoyainua kutoka kwenye kitu na kumtazama mtu, hata mara moja, iandike.

Maswali yaliyoletwa

*Mwalimu, niko Nachingwea, darasa langu lina wanafunzi sabini na kipindi ni dakika arobaini. Hao kumi na wawili wako ni anasa.*

Kweli ni anasa. Kwa sabini usijaribu kuwasimamisha wote. Ngazi ya wawili wawili inakutosha vizuri: jozi thelathini na tano zinaongea pamoja, huyu dakika moja, mwenzake dakika moja, na pamoja na kugawa vitu umetumia kama dakika sita. Vitu sabini huna, kwa hiyo waambie kila mmoja atoe kitu kimoja mfukoni au kwenye begi, kisha wabadilishane na jirani. Halafu wanne tu wasimame mbele, ambao umeongea nao pembeni mapema. Wanne kwa wiki, darasa zima litachukua wiki kumi na nane. Ni polepole, lakini hizo jozi wanazipata kila wiki.

*Habari mwalimu. Wanangu wakisimama tu wanadhani lazima waongee Kiingereza, kwa kuwa ndicho cha darasani. Niwaache?*

Usiwaache. Atapambana na hofu mbili kwa mpigo na hutajua ipi imemwangusha. Aanze kwa Kiswahili, na wakiwa wawili wawili hata Kimwera au Kiyao ruksa. Akishazoea, mpe kitu kile kile alichokizungumzia wiki iliyopita, aseme kwa Kiingereza. Mawazo tayari anayo, anatafuta maneno tu.

*Mimi ni mzazi, Lindi mjini. Kijana wangu ana kigugumizi. Nimpeleke kwenye kundi kama hili?*

Mama, au baba, muulize yeye kwanza, na jibu lake liheshimiwe. Kigugumizi si aibu, hata kama vinakwenda pamoja, na zoezi hili halikitibu. Akitaka kuja, kwake ondoa kadi na saa, kwa sababu kuharakishwa ndiko kunakombana. Asimaliziwe neno na mtu yeyote, na asiambiwe "tulia" au "vuta pumzi". Kwa kigugumizi chenyewe, anzia hospitali ya rufaa ya mkoa, pale Sokoine, uulize wapi anapatikana mtaalamu wa matatizo ya usemi. Vilevile kijana ambaye haongei kabisa nje ya nyumbani, au anayetapika asubuhi ya siku ya kundi, huyo si wa kikapu peke yake. Anahitaji mtaalamu.

*Shikamoo mwalimu. Mimi nina miaka kumi na tano. Mikono inatetemeka, na nikishika kitu ndiyo kinaonekana zaidi. Nifanyeje?*

Marahaba mwanangu. Inategemea umeshika nini. Karatasi hukuza mtetemo, ndiyo maana sipendi vijana washike karatasi. Kitu chenye uzito kidogo, kama upawa au kufuli, kishike kwa mikono miwili, viwiko vikiwa vimegusa mbavu. Kikiwa kidogo, kiweke kiganjani na kiganja kikae juu ya kingine. Halafu fanya jaribio: baada ya kuongea muulize mwenzako mmoja, si wote, kama aliona mikono. Mara nyingi atakwambia hakuona. Kutetemeka unakuhisi kutoka ndani, yeye yuko nje.

*Sawa, lakini wakizoea vitu, siku ya mdahalo watashika nini?*

Hapo umegusa mwisho wa zoezi lenyewe. Halifundishi kujenga hoja, na mdahalo unataka hoja. Sisi kuanzia wiki ya sita kitu kinawekwa mezani, anakitazama tu, hakishiki. Wiki ya nane kikapuni kuna vikaratasi vyenye neno moja, kama "jahazi" au "deni", analisoma, analirudisha, anaongea mikono mitupu. Wengine hapo wanarudi nyuma. Yule binti wa korosho alichomoa "mvua" akanyamaza sekunde ishirini nzima, kisha akaanza: "Ninaona bati." Sikumkatiza.